Nguzo Inaposukumwa Kando

Ukimwuliza mtu nguzo ya msingi ina kazi gani, atakwambia inabeba. Jengo liko juu, nguzo iko chini, uzito unashuka. Kwa nyumba nyingi jibu hilo linatosha. Lakini nenda kwenye gati, kwenye daraja linalovuka mkono wa bahari, au kwenye bango kubwa la matangazo kando ya barabara, utakuta mzigo unaowasumbua wahandisi hautoki juu. Unatoka ubavuni: boti inayoegemea gati ikiwa bado na mwendo, upepo wa kusi, mawimbi, lori linalofunga breki ghafla juu ya daraja. Nguzo ileile iliyowekwa ili ibebe uzito inatakiwa pia isilale.

Tuchukue nguzo moja ya mfano, tuifuate mpaka mwisho. Ni ya zege lililomwagwa ndani ya shimo lililochorongwa, ile ambayo saiti nyingi wanaiita paili. Kipenyo chake ni milimita 600 na urefu wake mita 12. Imesimama katika mchanga wa ufukweni usiokuwa legelege wala ulioshikana sana, na maji yameufunika mchanga wote. Kichwani, usawa wa ardhi, inasukumwa kwa nguvu ya kilonyutoni 80, ambayo ni kama uzito wa tani nane uliogeuzwa ukalala. Kichwa hicho hakijafungwa na kitu. Kiko huru kuinama. Maswali ni mawili. Kichwa kitasogea kiasi gani? Na ni wapi chini ya ardhi nguzo itapindwa kuliko kwingine, na kwa nguvu kiasi gani? Jibu la kwanza linaamua kama sakafu ya gati na viungo vyake vitavumilia. La pili linaamua nondo.

Watu wengi hudhani kwamba nguzo iliyochomekwa ardhini hupindwa zaidi pale inapotokea juu ya ardhi, kama vile ardhi ingekuwa jiwe lililoikaba shingoni. Mchanga haukabi hivyo. Mchanga wa juu kabisa hauna uzito wowote juu yake wa kuubana, kwa hiyo unasogea kirahisi na kurudisha nguvu kidogo sana. Kila ukishuka, mchanga unazidi kuwa mgumu kwa sababu unakandamizwa na ule ulio juu yake. Nguzo inapoinama, kila kipande cha mchanga kilicho mbele yake kinarudisha msukumo wake, na misukumo hiyo inajumlishwa kadiri unavyokwenda chini. Pale ambapo jumla imefika kilonyutoni 80, ndipo nguvu ya juu imelipwa yote, na hapo ndipo nguzo inapopindwa kuliko kwingine. Kwa nguzo yetu, tutaona, mahali hapo ni karibu mita tatu chini ya ardhi, ambako hakuna jicho litakalouona ufa.

Tatizo la hesabu ni kwamba msukumo wa mchanga unategemea nguzo imesogea kiasi gani, na nguzo inasogea kwa kutegemea msukumo wa mchanga. Kila kimoja kinamngoja mwenzake. Njia ya kutoka kwenye mzunguko huo ilipendekezwa mwaka 1867 na Emil Winkler, mhandisi aliyekuwa Praha na ambaye alikuwa akiwaza juu ya reli. Alisema tuichukulie ardhi kana kwamba ni safu ya springi zilizopangwa bega kwa bega, kila moja ikijitegemea: ikisukumwa milimita moja inarudisha kiasi fulani, ikisukumwa mbili inarudisha mara mbili yake, na jirani yake haihusiki. Ardhi halisi si hivyo. Ukiukandamiza mchanga hapa, ule wa jirani nao hutikisika. Lakini kwa nguzo nyembamba na ndefu uongo huo mdogo hauharibu jibu sana, na unaigeuza hesabu kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukimaliza kwenye karatasi. Ilazwe reli au isimamishwe nguzo, kanuni ni ileile. Safu ya springi imehamishwa tu kutoka chini na kuwekwa ubavuni.

Swali linalobaki ni springi zenyewe zina ugumu gani. Hapa anaingia Karl Terzaghi, ambaye kwa bahati naye alizaliwa Praha, mwaka 1883. Katika makala yake ya mwaka 1955 alipanga thamani za kutumia, na kwa mchanga alishauri jambo rahisi: ugumu wa springi uanze na sifuri usawa wa ardhi, kisha uongezeke sawasawa na kina. Kiwango cha ongezeko hilo huandikwa `nh`. Kwa mchanga wa wastani ulio ndani ya maji, thamani yake ni kilonyutoni 4,400 kwa mita ya ujazo. Maana yake kwa vitendo ni hii: kwenye kina cha mita mbili, springi za kipande cha nguzo chenye urefu wa mita moja zina ugumu wa 8,800. Nguzo ikisogea milimita moja hapo, mchanga unarudisha kilonyutoni 8.8.

Mtego wa kwanza uko hapohapo. Kuna vitabu vinavyotoa ugumu wa ardhi kwa kila mita ya mraba ya uso wa nguzo, na hivyo mtu anatakiwa azidishe kwa kipenyo ili apate ugumu kwa kila mita ya urefu. Thamani ya `nh` ya Terzaghi haitaki hivyo, kwa sababu kipenyo kimekwisha kuhesabiwa ndani yake: nguzo nene inasukuma mchanga mwingi zaidi, lakini mchanga huo unabonyea kwa urahisi zaidi pia, na mambo hayo mawili yanafutana. Anayezidisha tena kwa 0.6 atapata ardhi laini kuliko ilivyo, na kichwa chake kitasogea karibu milimita 13 badala ya 10. Kosa hili halijitangazi, maana vipimo vya namba zote mbili huandikwa kwa namna ileile, kilonyutoni kwa mita ya ujazo. Njia ya kulikamata ni kuuliza namba imetoka kwenye jedwali gani kabla ya kuigusa.

Sasa nguzo yenyewe. Ugumu wake wa kukataa kupinda ni zao la vitu viwili: ugumu wa zege na umbo la duara lake. Zege tukilipa gigapaskali 30, duara la milimita 600 linatupa karibu 190,850 kwa kipimo cha kilonyutoni na mita za mraba. Hiyo ndiyo `EI`. Tukiigawanya kwa `nh` na kutafuta kipeo cha moja ya tano, tunapata urefu ambao wahandisi huuita `T`. Huu si urefu wa kitu unachoweza kukigusa. Ni kipimo cha jinsi nguzo na mchanga vinavyogawana kazi: nguzo ngumu katika mchanga laini ina `T` kubwa na hushirikisha kina kirefu, nguzo laini katika mchanga mgumu ina `T` fupi na humaliza kazi yake karibu na juu. Kwetu ni mita 2.125.

Jambo la kwanza la kufanya na `T` ni kuupima nao urefu wa nguzo. Nguzo ikizidi `T` nne, sehemu ya chini haijui kinachotokea juu; ukiirefusha zaidi hupati faida yoyote dhidi ya msukumo wa kando. Yetu ni `T` tano na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo ni ndefu kwa maana hiyo. Nguzo fupi, isiyofika hata `T` mbili, ni habari nyingine kabisa: haipindi, inazunguka nzima kama mti wa kufungia ngalawa unaotikiswa hadi ung'oke, na hesabu inayofuata haiifai.

Kwa nguzo ndefu, Lymon Reese na Hudson Matlock wa Chuo Kikuu cha Texas walitatua mlinganyo wake mwaka 1956 na kuyaweka majibu katika majedwali yasiyo na vipimo, yanayotumika kwa nguzo yoyote mradi unajua `T` yake. Kwa kichwa kilicho huru, yanayohitajika kwanza ni haya:

```
T  = (EI / nh)^(1/5)
y0 = 2.435 * H * T^3 / EI
M  = 0.772 * H * T      (kina: 1.32 * T)
```

`H` ni nguvu inayosukuma, `y0` ni msogeo wa nguzo usawa wa ardhi, na `M` ni momenti kubwa kuliko zote ya kuipinda. Weka namba zetu: kichwa kinasogea milimita 9.8, na momenti kubwa ni kilonyutoni-mita 131, kwenye kina cha mita 2.8. Ukitaka kuijua momenti hiyo kwa mwili, ni sawa na kuning'iniza tani 13 kwenye boriti, mita moja kutoka mahali iliposhikwa.

Jibu kama hili halifai kuaminiwa kwa sababu tu limetoka kwenye jedwali, na kulikagua ni rahisi. Kwenye kina cha mita moja jedwali linasema nguzo imesogea karibu milimita 6.8. Ugumu wa springi hapo ni 4,400, kwa hiyo mchanga unarudisha kilonyutoni 30 kwa kila mita. Kwenye mita mbili nguzo imesogea milimita 4 na ushei, lakini springi ni ngumu mara mbili, na mchanga unarudisha karibu 37. Kwenye mita 2.8 umeshuka tena mpaka 30. Jumlisha misukumo hiyo kutoka juu hadi mita 2.8 na utakuta karibu 80, nguvu ileile tuliyoanza nayo. Chini zaidi, kama mita tano hivi, nguzo haisogei kabisa, na chini ya hapo inarudi nyuma kidogo, sehemu ya milimita tu.

Swali linalostahili kuulizwa sasa ni kama ile 4,400 ni kweli. Terzaghi alikuwa mwangalifu, na thamani zake ziko upande wa chini. Reese na wenzake walipata nafasi ya kuzipima kwa nguzo halisi katika kisiwa cha Mustang, karibu na Corpus Christi, Texas. Walipigilia mabomba mawili ya chuma yenye kipenyo cha milimita 610 kwenye mchanga uliojaa maji, wakayasukuma kando. Ndani ya mabomba walikuwa wameweka vipimio vya mnyooko kwa urefu wote, na kutokana na mpindo uliosomwa kila mahali waliweza kurudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye msukumo wa mchanga na msogeo wa nguzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974, na thamani iliyopendekezwa kwa mchanga wa wastani chini ya maji ikawa karibu 16,300. Hiyo ni karibu mara nne ya ile ya Terzaghi. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna inavyotumika: namba ya Reese ni ugumu wa mwanzo kabisa, wakati nguzo imesogea kidogo sana, ikifuatwa na mstari unaolegea kadiri msukumo unavyokua. Ya Terzaghi imekwisha kulegezwa.

Mtu akisikia kwamba wataalamu wawili wakubwa wanatofautiana mara nne, anaweza kukata tamaa na hesabu nzima. Asikate. Rudia hesabu yetu kwa 16,300. `T` inapungua kutoka mita 2.1 hadi 1.6, kwa sababu kipeo cha moja ya tano kinazifinya tofauti kubwa. Msogeo unashuka kutoka milimita 9.8 hadi 4.5, zaidi kidogo ya nusu. Na momenti? Kutoka 131 hadi 101. Ardhi imekuwa ngumu karibu mara nne, na momenti imepungua kwa robo tu. Anayepanga nondo anaweza kukosea udongo kwa kiasi kinachotisha na bado akawa karibu na jibu. Anayetaka kujua kichwa kitasogea milimita ngapi ndiye mwenye deni kwa udongo.

Nimekutana na ripoti ambazo kurasa nyingi zimetumika kubishania `nh` kwa tarakimu tatu, kisha mstari mmoja tu ukasema kichwa cha nguzo ni huru, bila sababu. Mizani imegeuzwa. Mambo mawili yanayoamua zaidi hayako kwenye maabara ya udongo kabisa. Yako kwenye mchoro, hapo nguzo inapokutana na kofia ya zege, na kwenye usawa wa ardhi yenyewe.

Tuanze na kofia. Nguzo ikiingizwa vizuri ndani ya kofia nzito, na nondo zake zikapanda juu na kunyooshwa humo kwa urefu wa kutosha, kichwa kinaweza kusogea lakini hakiwezi kuinama. Hesabu inabadilika: msogeo unakuwa 0.93 badala ya 2.435, na kwa nguzo yetu ile milimita 9.8 inakuwa 3.7. Hakuna udongo utakaobadilishwa ili upate faida kama hiyo. Lakini faida hiyo inalipiwa. Momenti kubwa sasa inahamia juu, kwenye shingo ya nguzo chini ya kofia, na thamani yake ni 158, na imegeuka upande: uso wa nguzo uliokuwa ukivutwa sasa unabanwa. Aliyepanga kwa kichwa huru ameweka nondo akilenga mita 2.8 na kulegeza shingo. Aliyepanga kwa kichwa kilichofungwa ameimarisha shingo. Kiungo halisi kiko katikati, hakijafungwa kabisa wala hakiko huru kabisa, na ndiyo maana wenye uzoefu hupanga nondo za kutosha kwa hali zote mbili. Msogeo wanauchukua kutoka hali ya kichwa huru, isipokuwa kiungo kimechorwa na kujengwa kwa uhakika.

Kuhusu nondo kuna mazungumzo yanayojirudia saiti hadi saiti. Kizimba cha nondo kimelazwa kwenye magogo, ringi zimefungwa, na fundi anaona kazi inayomsubiri.

"Injinia, hizi za huku chini zina kazi gani? Zege si limebanwa na udongo pande zote?"

"Fundi, mbinyo wa udongo ni wa pembeni. Nguzo inapindwa."

Fundi hajakosa kabisa. Kwa mzigo wa wima peke yake, zege la chini linaweza kujibebea. Lakini tazama nguzo yetu ikiwa kizimba kimekatwa kwenye mita nne ili kuokoa chuma. Hapo momenti bado ni karibu 114, yaani haijashuka hata kwa asilimia 15 kutoka kilele chake. Kwenye mita sita bado inakaribia 50. Inakwisha karibu na `T` nne, mita nane na nusu hivi. Zege tupu la duara hili, bila uzito wa kulibana kutoka juu, huanza kupasuka momenti ikifika takriban 55. Kizimba cha mita nne kingeiacha nguzo ipasuke mita nne chini, mara tu baada ya nondo kuisha.

Kupasuka kunatuongoza kwenye jambo ambalo hesabu yetu ililifumbia macho. Tulilipa zege ugumu wote wa duara zima, kana kwamba halina ufa. Nguzo ikiwa imebebeshwa uzito wa kilonyutoni 800 hivi, mbinyo wa uzito huo unachelewesha nyufa mpaka momenti ya karibu 115. Lakini sisi tuna 131. Kwa hiyo sehemu ya nguzo, karibu na kile kina cha mita 2.8, itakuwa na nyufa nyembamba na ugumu wake utakuwa umepungua, pengine hadi nusu. Tukiipunguza `EI` yote kwa nusu ili tuwe upande wa tahadhari, msogeo unapanda kutoka 9.8 hadi karibu 13, na momenti inashuka hadi 114, kwa sababu nguzo iliyolegea inamwachia mchanga wa juu kazi zaidi. Tena ni uleule mwenendo: milimita zinaruka, momenti inasuasua.

Jambo la pili linaloamua ni ardhi iko usawa gani. Pwani, mkondo wa maji huuchota mchanga kuzunguka nguzo, na gati lililojengwa likiwa na mchanga mpaka kwenye kofia linaweza kujikuta limeachwa hewani kwa mita moja. Nguvu ni ileile, 80, lakini sasa inasukuma mita moja juu ya ardhi, na hivyo inakuja na momenti yake ya 80 mkononi. Majedwali yana sehemu ya pili kwa ajili hiyo:

```
y0 = 2.435*H*T^3/EI + 1.623*M0*T^2/EI
```

Usawa wa ardhi mpya msogeo unakuwa milimita 12.9. Nguzo pale imeinama pia, na mwinamo huo ukipanda mita moja unaongeza milimita nne na nusu nyingine na ushei, kwa hiyo kichwa, kule boti inakogusa, kinasogea milimita 17.6. Momenti kubwa inapanda kutoka 131 hadi karibu 193 na kusogea juu kidogo, kwenye kina cha mita 2.3. Mita moja ya mchanga iliyochukuliwa na maji imeongeza momenti kwa karibu nusu nzima. Linganisha na kule kubadilisha ugumu wa mchanga mara nne, kulikobadilisha robo. Katika nguzo za baharini, mtu mwenye kamba na jiwe la kupima kina anayekagua kila msimu anaweza kujua zaidi kuhusu usalama wa nguzo kuliko ripoti ya pili ya udongo.

Mmomonyoko huo unaleta pia mwisho wa springi zenyewe. Springi ya Winkler haichoki: isukume upendavyo, itarudisha. Mchanga una kikomo. Ukipita hapo unapanda juu mbele ya nguzo na hauongezi kitu. Bengt Broms, katika kazi yake ya mwaka 1964, alikadiria kikomo hicho kwa mchanga kuwa mara tatu ya ukinzani ambao ukuta wa upana uleule ungeupata. Kwa mchanga wetu, wenye pembe ya msuguano ya nyuzi 33, kikomo ni kilonyutoni 55 kwa kila mita kwenye kina cha mita moja, 110 kwenye mita mbili, na kuendelea. Kwa kuwa springi nazo zinakua na kina kwa uwiano, kulinganisha kunakuwa rahisi ajabu: gawanya 55 kwa 4,400 na unapata milimita 12.5. Popote nguzo iliposogea zaidi ya milimita 12.5, springi inadai nguvu ambayo mchanga hauna.

Kabla ya mmomonyoko tulikuwa na 9.8, chini ya kikomo. Baada yake tuna 12.9, na mchanga wa juu kabisa umeishiwa. Na Terzaghi alikuwa mkali zaidi: alitaka mstari ulionyooka utumike pale tu mbinyo ulipo chini ya takriban nusu ya uwezo wa ardhi. Kwa kipimo hicho, hata hesabu yetu ya kwanza inapita mpaka katika mita moja na robo ya juu. Hiyo haimaanishi nguzo inaanguka. Maana yake ni kwamba mchanga wa juu utalegea, kazi itashushwa kwa ule wa chini, na msogeo na momenti vitazidi kidogo vile tulivyohesabu. Ndiyo sababu leo, mzigo ukiwa mkubwa, kompyuta hupewa mistari inayojikunja badala ya springi zilizonyooka, mistari ambayo Matlock na Reese waliitengeneza kutokana na majaribio kama yale ya Mustang. Lakini anayetazama jibu la kompyuta bila kwanza kujua `T` yake ni ngapi hana cha kulikagulia.

Mawimbi yanayopiga mchana na usiku huulegeza mchanga zaidi ya msukumo wa mara moja, na nguzo zilizopangwa mstari mmoja hunyang'anyana mchanga, ya nyuma ikipata ule ambao ya mbele imeshautikisa. Mambo hayo yote mawili hushusha `nh`, na kwa kundi la nguzo kushuka huko kunaweza kuwa kukubwa.

Kazi inapokuwa kubwa kiasi cha kubeba gharama, njia ya kumaliza ubishi ni kuziuliza nguzo zenyewe. Nguzo mbili zilizokamilika, vichwa vikiwa bado huru, huwekewa jeki katikati yake, iliyolala. Jeki inazisukuma zote mbili kwa wakati mmoja, na kila moja inakuwa mhimili wa mwenzake. Geji za msogeo hufungwa kwenye boriti iliyosimikwa mbali vya kutosha ili isitikiswe na mchanga uleule unaojaribiwa; boriti ikiwa karibu, inasogea pamoja na nguzo na geji inasoma kidogo kuliko ukweli. Mzigo unapandishwa kwa hatua, kila hatua ikisubiriwa mpaka sindano itulie, kisha unashushwa na kupandishwa tena mara kadhaa.

Tuseme nguzo yetu, kwa kilonyutoni 80, imesogea milimita 6 na si 9.8. Mlinganyo ule wa kwanza unageuzwa ili utoe `nh`:

```
nh = (2.435 * H / y0)^(5/3) / EI^(2/3)
```

Jibu ni karibu 10,000, katikati ya Terzaghi na Reese. Lakini namba hiyo ina masharti yake. Imepatikana kwa nguzo isiyokuwa na uzito juu, kwa msukumo wa siku moja, na kwa `EI` ambayo tumeidhania. Ikiwa zege lilipasuka wakati wa jaribio, `EI` halisi ilikuwa ndogo, na mchanga ulikuwa mgumu kuliko 10,000. Kwa hiyo kwenye karatasi ya jaribio huandikwa pia mzigo ambao mstari wa msogeo ulianza kujikunja, maana hapo ndipo ama mchanga wa juu uliishiwa, ama zege lilipata ufa wake wa kwanza. Ukirudisha mzigo sifuri na kichwa kikabaki kimesogea milimita kadhaa, mchanga ndiye wa kushukiwa kwanza. Kikirudi karibu pale kilipoanza, lakini mzunguko wa pili ukawa laini kuliko wa kwanza, tafuta nyufa.